Mafaili sita, sentensi moja: njia tatu za kujua lipi ndilo lenye kazi

Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2024, saa mbili na nusu usiku, simu yangu ililia mara sita mfululizo. Ilikuwa siku ya bajeti kusomwa bungeni, na redio ya matatu niliyokuwa nimepanda kwenda Umoja haikuwa na habari nyingine. Mteja wangu, mama anayeuza sufuria na vyombo vya nyumbani Kamukunji, alikuwa amenitumia mafaili sita kwa WhatsApp, na chini yake maneno haya: "Habari ya jioni mwanangu. Naomba uangalie hizi unisaidie."

Basi. Kusaidiwa na nini, hakusema. Mafaili yenyewe yaliingia hivi:

```
MAUZO FINAL.xlsx
MAUZO FINAL 2.xlsx
Scan0003.pdf
MPESA Statement 2023.pdf
stetimenti benki.pdf
IMG-20240613-WA0012.jpg
```

Sisi tunaoshika vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Nairobi tunapokea furushi kama hili karibu kila wiki, na nimeona watu wakilishughulikia kwa njia tatu. Wapo wanaofuata mpangilio na majina aliyoyaweka mtumaji, wapo wanaopiga simu papo hapo kuuliza, na wapo wanaoyafungua yote kwanza bila kufanya lolote, wakitafuta faili linaloyataja mengine. Nitazipanga njia hizo bega kwa bega nikitumia furushi hilihili, kwa sababu nilipitia zote tatu kwa siku nne, na mbili za kwanza nusura zimgharimu mteja wangu pingamizi lake la kodi.

Kufuata majina, mpangilio na msimu

Faida ya njia hii ni kwamba unaanza kazi mara moja. Ilikuwa Juni, na Juni kwa sisi ni mwezi wa ritani za mwaka, mwisho wake tarehe 30. Nikaona mauzo, stetimenti na skani ya ankara, nikajiambia kwamba mama anataka ritani. Nikafungua `MAUZO FINAL 2.xlsx`, maana "final 2" lazima ije baada ya "final". Ijumaa jioni yote niliipanga laha hiyo kwa miezi. Jumamosi nikagundua kwamba inakomea tarehe 18 Novemba, na hata hapo sikushtuka. Nilidhani Desemba ataileta baadaye.

Jina la faili ni maneno ya mtu aliyekuwa na haraka. Faili la Excel lina tarehe zake ndani, na hizo hazibadiliki kwa kutumwa, tofauti na tarehe unayoiona kwenye folda ya simu, ambayo mara nyingi ni ya siku ulipolipakua. Kwenye terminal ya kompyuta ya Mac au Linux unaweza kulichungulia bila hata kulifungua:

```
unzip -p "MAUZO FINAL 2.xlsx" docProps/core.xml
```

Ndani ya maandishi yatakayotokea, tafuta `dcterms:modified`. Ya `FINAL 2` ilikuwa ya Februari. Ya `FINAL` ilisoma `2024-06-11T18:42:07Z`. Hiyo herufi Z mwishoni ina maana kwamba saa hiyo si ya Nairobi, uiongezee tatu, kwa hiyo mama aliihifadhi saa tatu na dakika arobaini na mbili usiku, siku mbili kabla ya kunitumia. Baadaye nilielezwa kwamba `FINAL 2` ni nakala aliyoifanyia majaribio binti yake, ikaachwa njiani, na mama mwenyewe akaendelea kuandika kwenye ileile ya kwanza. Tarehe hiyo nayo si hakimu, kwani mtu akifungua laha na kubonyeza hifadhi bila kugusa namba hata moja, inasogea. Ndiyo maana huwa naiweka pamoja na mstari wa mwisho wa laha: ipi imefika Desemba 31? Hapo tarehe na mstari vilisema jambo moja, nikaridhika.

Mpangilio nao ulinidanganya kwa namna nyingine. Kwenye WhatsApp hati zinachaguliwa mahali pamoja na picha mahali pengine. Mama alichagua hati zake tano, akatuma, kisha akarudi kutafuta picha. Picha ikawa ya mwisho kwa sababu ya vitufe tu. Mimi nikaisoma kama nyongeza, labda risiti ya mafuta. Stetimenti ya M-Pesa nayo niliiruka usiku ule kwa sababu ilikuwa imefungwa, na msimbo wa kuifungua huja kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mwenye akaunti. Nikasema nitamuomba kesho. Ukijitazama vizuri utaona kwamba faili lililofungwa huwa tunaliacha nyuma kwa sababu ya kufuli, kisha tunalihesabu kama lisilo na uzito.

Njia hii ninaiachia hali moja tu: mtumaji ni mhasibu mwenzako, ameyapa mafaili namba 1 hadi 6, na unajua tabia yake.

Kupiga simu na kuuliza

Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja hafungui chochote kabla ya kupiga simu. Anasema kubahatisha ni kumkosea adabu mteja. Ana hoja, na kwa furushi la mafaili mawili ninakubaliana naye kabisa. Dakika mbili za simu zinatosha.

Tatizo liko kwenye swali. Jumamosi saa nne asubuhi nilimpigia.

"Mama, zile ulizonitumia, unataka nikufanyie nini hasa?"

"Hiyo ya KRA tu, mwanangu."

"Ya KRA. Sawa, nimeshaanza."

"Mungu akubariki. Uniharakishie."

Tukaagana wote wawili tumefurahi. Kwake "ya KRA" ilikuwa barua aliyoletewa na mamlaka hiyo ya kodi. Kwangu mimi, mwezi Juni, "ya KRA" ni ritani. Swali pana lilizaa jibu pana, na jibu hilo likanikaza palepale nilipokosea. Kabla ya simu nilikuwa na dhana. Baada ya simu nilikuwa na dhana yenye muhuri wa mteja. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuuliza ni salama kuliko kubahatisha. Kuuliza kabla ya kuyaona mafaili kunaweza kuwa kubahatisha kwa watu wawili.

Kuna kidokezo nilichokuwa nacho wakati huohuo na sikukitumia. Miaka miwili iliyotangulia nilimfanyia mama huyu ritani, na hakuna hata mwaka mmoja aliowahi kuniletea stetimenti ya M-Pesa. Mbona mwaka huu? Katika furushi lolote, faili ambalo kazi unayoidhania isingelihitaji ndilo linalokwambia kwamba dhana yako imepinda.

Kuyafungua yote na kutafuta linaloyataja mengine

Jumapili usiku, baada ya kupata msimbo wa M-Pesa, nilifanya nilichopaswa kufanya Alhamisi. Kila faili dakika tano, bila kujumlisha wala kupanga chochote, na maswali mawili tu. Faili hili linataja kitu gani kilicho nje yake? Na je, linamtaka mtu afanye jambo kufikia siku fulani?

Stetimenti ni bubu kwa maswali yote mawili. Ya benki inaorodhesha fedha zilizoingia na kutoka, haimwambii mtu afanye nini. Ya M-Pesa ni hivyohivyo. Laha za mauzo hazitaji chochote nje yake. `Scan0003.pdf` ilinishangaza kidogo: kurasa arobaini na moja, na nilipoitazama harakaharaka siku ya kwanza niliona ankara za jumla tu. Sasa niliteremka hadi mwisho, na ukurasa wa 39 haukuwa ankara. Ulikuwa mkataba wa mkopo wa shilingi milioni moja kutoka chama cha akiba na mikopo. Mtu aliyekuwa akiskani kwa saiba aliweka karatasi zote kwenye rundo moja. Faili moja linaweza kubeba hati mbili zisizo na undugu, na ukilipa jina kwa kuangalia ukurasa wake wa kwanza utaikosa ya pili.

Kisha picha. Ndogo kuliko mafaili yote, imepigwa mbele ya kioo cha kompyuta, mwanga wa dirisha umemeza kona moja. Jina lake linasema tarehe 13 Juni, lakini hiyo ni tarehe ambayo WhatsApp iliipa picha jina, haihusiani na kilichomo. Nilipoikuza nikasoma: notisi ya tathmini ya kodi, mwaka 2023, imeandikwa tarehe 20 Mei 2024. Inasema fedha zilizoingia benki na kwenye M-Pesa ni shilingi 11,900,000, wakati mauzo yaliyotangazwa, VAT ikiwa ndani, ni 7,200,000, na tofauti ya 4,700,000 inachukuliwa kuwa mauzo ambayo hayakutangazwa. Chini yake, ukurasa wa 1 kati ya 3.

Hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Picha ilitaja benki, ikataja M-Pesa, ikataja mauzo. Hakuna faili lingine lililoitaja picha. Mshale ulikuwa ukienda upande mmoja.

Tena ilikuwa na siku. Kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 51, asiyekubaliana na tathmini ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi tangu alipojulishwa. Kutoka 20 Mei ni tarehe 19 Juni, Jumatano. Mimi nilikuwa nimekaa Jumapili usiku, tarehe 16, nikiwa na laha nzuri sana ya ritani ambayo hakuna aliyeiomba. Ritani ingeweza kungoja hadi tarehe 30. Ukichelewa na pingamizi unaweza kuomba muda zaidi, lakini ni lazima uwe na sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, na "mhasibu wangu alidhani ni ritani" sijawahi kuiona ikiandikwa.

Hivi ndivyo furushi lilivyobadilika machoni pangu:

| Faili | Nilivyolidhania Alhamisi | Lilivyokuwa |
|---|---|---|
| MAUZO FINAL | toleo la zamani | hesabu kamili ya mwaka |
| MAUZO FINAL 2 | faili kuu | nakala iliyoachwa Novemba |
| Scan0003 | ankara za manunuzi | ankara, na mkataba wa mkopo ukurasa wa 39 |
| Stetimenti ya M-Pesa | ziada | ushahidi |
| Stetimenti ya benki | ziada | ushahidi |
| Picha | risiti | barua inayoyataka yote mengine |

Kuhakikisha kwamba undugu ni wa kweli

Barua kutaja benki na M-Pesa hakutoshi. Huenda mama alituma stetimenti za akaunti nyingine, au za mwaka mwingine. Kipimo changu ni namba: je, jumla iliyo kwenye barua inapatikana kwenye mafaili haya? Fedha zilizoingia benki, 6,400,000. Safu ya `Paid In` ya M-Pesa, 5,500,000. Ukijumlisha, 11,900,000 kamili. Haya ndiyo mafaili barua inayoyazungumzia.

Kisha nikatafuta ile 4,700,000 ilikotoka. Hapa stetimenti mbili zilibidi zisomwe pamoja, kwa sababu kila moja peke yake inaonekana safi. Mama huhamisha fedha za M-Pesa kwenda benki karibu kila wiki. Kwa M-Pesa zinaonekana kama `Pay Bill` kwenye safu ya fedha zilizotoka. Benki zinaonekana kama fedha zilizoingia, na kwenye maelezo ya benki mlikuwa na ileile namba ya risiti ya M-Pesa yenye tarakimu na herufi kumi. Namba hiyo ndiyo uzi wa kushonea. Nilizilinganisha mstari kwa mstari, nikapata 2,900,000 zilizohesabiwa mara mbili: mara moja mnunuzi alipomlipa mama kwa simu, mara ya pili mama alipozipeleka benki.

Milioni moja nyingine ilikuwa ule mkopo wa ukurasa wa 39, umeingia benki kwa mkupuo. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ilichangia 310,000. Kwenye stetimenti kila inapokufidia hujitokeza kama `OverDraft of Credit Party` upande wa fedha zilizoingia, na mtu asiyeizoea ataihesabu kama mauzo. Na 360,000 zilikuja kwa mafungu ya elfu mbili mbili kutoka kwa namba zilezile kila mwezi. Hizo hakuna faili lililozieleza. Ilibidi niulize.

Na hapa ndipo simu ilipopata kazi yake halisi. Jumatatu asubuhi sikumuuliza anataka nini.

"Mama, barua ya KRA ya tarehe ishirini Mei ina kurasa tatu, mimi nimepata moja. Hizo mbili ziko wapi?"

"Ziko kwa saiba, sikujua zinahitajika. Nitazipitia."

"Na hawa watu kumi na tano wanaokutumia elfu mbili mbili kila mwezi?"

"Hao ni wa chama, mwanangu. Mimi ndiye mweka hazina."

Maswali mawili, majibu mawili ambayo hayawezi kueleweka vibaya. Watu kumi na tano, elfu mbili, miezi kumi na miwili: 360,000. Daftari la chama likaongezwa kwenye furushi kama faili la saba.

Zilibaki 130,000, na kwa hizo hakukuwa na maelezo. Zilikuwa mauzo. `MAUZO FINAL` ilijumlisha 7,329,500, yaani yaliyotangazwa pamoja na hizo 130,000, pungufu ya shilingi mia tano ambazo sijazipata hadi leo. Kwa hiyo laha niliyoidharau kama ya zamani ndiyo iliyokubaliana na stetimenti, na pia ndiyo iliyomsuta mama kidogo. Hilo lina uzito wake, kwa sababu pingamizi halikamiliki mpaka sehemu ya kodi usiyoibishia iwe imelipwa, au uwe umeomba muda wa kuilipa. VAT iliyo ndani ya 4,700,000 ni kama 648,000. Iliyo ndani ya 130,000 ni kama 18,000. Akalipa hizo 18,000, na hati zote zikaambatanishwa na sababu za pingamizi, kila kiasi na faili lake.

Tuliwasilisha kwenye iTax Jumanne tarehe 18, siku moja kabla ya mwisho. Katikati ya mji kulikuwa na maandamano na moshi wa kutoa machozi, na nilishukuru kwamba shughuli yenyewe haikuhitaji kupanda foleni Times Tower.

Uchague ipi

Kama mafaili ni mawili, piga simu. Yakizidi matatu, yafungue yote kwanza. Nusu saa ndiyo gharama yake, nami nilipoteza jioni mbili kwa kutaka kuiokoa. Simu ije baada ya hapo, ikiwa na swali lenye tarehe au kiasi ndani yake. Majina na mpangilio wa mtumaji viache vikusaidie kuyapata mafaili kwenye folda, visikupangie kazi.

Njia hii ya tatu ina mahali inapokwama, nayo ni pale ambapo faili kuu halikutumwa kabisa. Unafungua yote, yote ni bubu, hakuna linaloyataja mengine. Hutokea sana, kwa sababu mtu huona aibu kutuma barua yenyewe, au ameiacha nyumbani Githurai. Hapo tazama kipindi. Stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita inayoishia juzi kwa kawaida ni ya mkopo au viza, na kuna fomu mahali fulani ambayo hujaiona. Ya Januari hadi Desemba inanusa kodi. Ya siku kumi na moja katikati ya Machi, hapo kuna ugomvi juu ya malipo fulani, na swali la kumuuliza mteja ni moja: "Tarehe kumi na nne Machi ulimtumia nani?"